Kwa nini boda iliyozeeka hunywa mafuta: kabureta, injekta na tundu linalopanuka

Kila petroli inapopanda bei, mjadala uleule huzuka kwenye steji za boda hapa Busia. Mmoja anasema dawa ni kuuza pikipiki ya kabureta na kununua ya injekta. Mwingine anajibu kwamba injekta ni ugonjwa wa kompyuta, ikiharibika njiani utaisukuma mpaka Tororo. Wa tatu anakumbuka kwamba Boxer yake, ya kabureta hiyohiyo, ilipokuwa mpya ilikuwa hainywi hivi. Huyu wa tatu ndiye mwenye swali zito kuliko wote. Kama kabureta ndiyo mlafi, mbona mwaka wa kwanza haikuwa na ulafi?

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu vifaa vyote viwili vina kazi moja. Petroli haiungui peke yake. Inaungua ikiwa imechanganyika na hewa, na kwa kipimo. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ukigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo unapata jambo la kushangaza: lita 1 ya petroli inahitaji takriban lita 10,000 za hewa. Injini ya boda ni pampu ya hewa inayoongezewa petroli kidogo sana.

Kidogo kiasi gani? Chukua injini ya sentimeta za ujazo 100, inayokwenda mwendo wa kawaida wa kubeba abiria mmoja kwenye lami tambarare. Kila inapovuta pumzi inahitaji karibu mililita 0.004 za petroli. Tone moja la maji lina kama mililita 0.05. Maana yake tone moja unaligawa mara kumi na mbili, na kila kipande kinatosha mlipuko mmoja. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika inavuta pumzi mara 2,500 katika dakika hiyo, na kila mara lazima mtu au kitu kipime kipande hicho cha tone.

Kipimo kikizidi, mafundi husema mchanganyiko ni mzito. Kikipungua, ni mwepesi. Waliokulia kwenye mwanga wa kandili wanaijua hali ya mchanganyiko mzito. Ukipandisha utambi kupita kiasi, moto haupati hewa ya kutosha kwa mafuta yanayopanda, kioo kinakuwa cheusi, chumba kinanuka, na mwanga hauongezeki. Ndani ya injini ni vivyo hivyo. Petroli iliyozidi haipati hewa ya kuungua nayo, inatoka kwenye egzosi ikiwa masizi, harufu na gesi yenye sumu. Umeilipia kituoni na haikukusogeza hata hatua.

Sasa tofauti yenyewe. Kabureta hupima petroli kwa tundu. Injekta hupima kwa muda. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Kabureta haina pampu wala umeme. Chini yake kuna bakuli dogo la petroli lenye boya, sawa na boya la tangi la choo cha kuvuta maji: petroli ikijaa, boya linapanda na kuziba njia, ikipungua, linashuka na kufungua. Juu ya bakuli kuna koo ambalo hewa ya injini inapitia, na koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikipita mahali palipobanwa inaongeza kasi, na ikiongeza kasi msukumo wake unapungua. Hapo kuna kijibomba kinachoshuka hadi kwenye petroli.

Wengi hudhani hewa "inavuta" petroli juu. Fikiria wazee wa Tororo waliozunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, na mirija yao mirefu. Mzee anapofyonza, anachofanya ni kupunguza msukumo wa hewa ndani ya kinywa chake. Hewa ya nje, inayokandamiza uso wa malwa ndani ya chungu, ndiyo inayoisukuma ipande kwenye mrija. Kabureta hufanya hivyohivyo. Koo ni kinywa, kijibomba ni mrija, bakuli ni chungu. Na ukitaka malwa ipite kwa kipimo, huna njia nyingine ila kuchagua upana wa mrija.

Ndiyo maana ndani ya kabureta kuna vipande vya shaba vyenye vitundu vilivyotobolewa kwa usahihi mkubwa. Hivi ndivyo jeti. Jeti ndogo hulisha injini inapounguruma taratibu bila kukunjwa mkono wa mafuta. Jeti kuu hutawala ukipiga resi mpaka mwisho. Katikati ya hapo, ambapo boda hutumia karibu siku yake nzima, anayetawala ni sindano: kijiti chembamba cha chuma, kilichochongoka kuelekea chini, kinachoning'inia kwenye slaidi, kipande kinachopanda na kushuka ndani ya koo, na kuingia ndani ya jeti yake. Ukikunja mkono, slaidi inapanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa imechongoka, nafasi kati yake na ukuta wa tundu inaongezeka. Petroli yote ya mwendo wa kawaida inapita kwenye pete hiyo nyembamba inayoizunguka sindano.

Hapo ndipo pikipiki inapozeekea, na mafundi wengi hawapagusi.

Kila injini inapovuta pumzi, slaidi inatikisika na sindano inagusa ukuta wa jeti yake. Dereva anayefanya kazi saa tano kwa siku kwa mwendo ule niliousema anaigusisha mara 750,000 kila siku. Ongeza vumbi la marramu lililopenya kwenye filta iliyochakaa, nalo hufanya kazi ya msasa. Baada ya miaka, tundu lililokuwa duara linakuwa na umbo la yai, na sindano inapata upande mmoja uliosuguliwa ukang'aa.

Unaweza kusema msuguano huo ni mdogo mno kujali. Tufanye hesabu kwa vipimo vya mfano vinavyokaribiana na vya kabureta ndogo. Tundu la jeti lina kipenyo cha milimeta 2.60, na sindano mahali hapo ina milimeta 2.50. Eneo la pete inayobaki ni milimeta za mraba 0.40. Sasa tundu lisuguliwe kwa milimeta 0.03 tu, ambayo ni chini ya nusu ya unene wa unywele, lifike 2.63. Eneo la pete linakuwa 0.52. Limeongezeka kwa asilimia 30 hivi! Siri ni kwamba petroli haipiti kwenye tundu zima; inapita kwenye kilichobaki baada ya sindano kukaa, na kwa kuwa kilichobaki ni kidogo, hata mkwaruzo unakikuza sana. Jeti kuu iliyo chini huzuia sehemu ya ongezeko hilo, kwa hiyo petroli haizidi kwa asilimia 30 nzima. Lakini asilimia 15 au 20 inafikika, na dereva hasikii tofauti yoyote kwenye nguvu. Pikipiki inakwenda vizuri, mara nyingine inawaka asubuhi kwa kiki moja bila hata choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, naye anafurahi. Kuwaka bila choki asubuhi ya baridi kwa pikipiki ambayo zamani iliihitaji ni dalili kwamba mchanganyiko tayari ni mzito saa zote.

Injekta haina mrija wa namna hiyo. Pampu ya umeme ndani ya tangi husukuma petroli kwa nguvu isiyobadilika mpaka kwenye kifaa chenye vitundu vidogo mno na mlango unaofunguliwa kwa sumaku ya umeme. Kompyuta ndogo hufungua mlango huo kwa milisekunde chache tu, kisha hufunga. Ikitaka petroli zaidi, inauacha wazi kwa muda mrefu kidogo zaidi. Kabla ya kuamua inasoma vipimo: mkono wa mafuta umekunjwa kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi, ina joto gani, hewa inayoingia ina msukumo gani. Katika pikipiki nyingi kuna pia kipima oksijeni kwenye egzosi, ambacho kinanusa moshi na kuiambia kompyuta kama ilizidisha au ilipunguza, nayo inarekebisha pumzi zinazofuata.

Kuna dhana moja ya kusahihisha hapa. Watu husema injekta hupuliza mafuta ndani kabisa ya silinda. Kwenye pikipiki ndogo tulizonazo, hupuliza kwenye njia ya hewa, nje ya valvu, karibu palepale kabureta inapomimina. Faida yake haitokani na mahali, inatokana na kipimo na kusahihishwa kwa kipimo. Kitu cha kupimia kikichakaa kidogo, kipima oksijeni hukigundua na muda unapunguzwa. Kabureta haina pua. Tundu likipanuka, hakuna anayeiambia.

Mfano mzuri wa upofu huo ni mlima. Kampala iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu meta 2,000, na hewa ya Kabale ni nyepesi zaidi. Kabureta iliyorekebishwa Kampala ikipanda Kabale inatoa mchanganyiko mzito zaidi kwa asilimia 4 hivi, kwa sababu petroli inayopita haipungui sawasawa na hewa ilivyopungua. Injekta yenye kipima msukumo wa hewa inapunguza muda wenyewe. Mteremkoni nako ziko mbali: ukiachia mkono wa mafuta huku gia imeshika, kompyuta hukata petroli kabisa mpaka mwendo upungue, ilhali kabureta inaendelea kutoa kupitia jeti ndogo. Kwa hiyo mwenye injekta anayezima injini na kutoa gia mteremkoni ili "kuokoa" haokoi chochote, na amejinyima breki ya injini akiwa na abiria mgongoni.

Basi je, jibu ni kununua injekta? India ilipokaza viwango vya moshi Aprili 2020, pikipiki nyingi mpya za huko zikahamia injekta, na ndiyo sababu tunaanza kuziona. Ni teknolojia bora, sina shaka. Lakini kabureta mpya iliyorekebishwa vizuri kwenye injini ya 100 haiko nyuma sana kwa matumizi. Anayeuza pikipiki ya miaka saba na kununua mpya ya injekta, kisha akasema injekta imempunguzia mafuta, amelinganisha kifaa kizima na kifaa kilichochakaa. Deni la mkopo wa pikipiki mpya nalo ni mafuta ya aina yake.

Jirani yangu wa steji alikuwa karibu kufanya hivyo mwaka jana. Pikipiki yake ya 100 alikuwa nayo tangu ikiwa mpya, karibu miaka saba. Alikumbuka kwamba zamani ilimpa kilometa 55 kwa lita. Nilimwomba tupime kwanza, kwa sababu "inakunywa" si kipimo. Tulijaza tangi mpaka shingoni, akaandika kilometa, akafanya kazi siku mbili, akajaza tena kwenye pampu ileile mpaka alama ileile. Kilometa 38 kwa lita. Kwa siku ya kilometa 120 alikuwa akitumia lita 3.2 hivi, badala ya 2.2.

Kabla ya kugusa kabureta tuliinua gurudumu la nyuma na kulizungusha, kuona kama breki inalishika, na tukajaza upepo. Hayo yalikuwa sawa. Tulipofungua plagi, ncha yake ilikuwa nyeusi ya masizi makavu. Ingekuwa na rangi ya udongo au kahawia hafifu kama mchanganyiko ungekuwa mzuri. Masizi makavu ni petroli iliyozidi. Weusi wa kulowana na kuteleza ungekuwa oili, na huo ni ugonjwa mwingine.

Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi la barabara ya kuelekea vijijini. Filta iliyoziba huizuia hewa isiingie huku mrija ukifyonzwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Wako madereva wanaoing'oa kabisa wakiamini injini itapumua, na hapo vumbi linaingia moja kwa moja kula sindano na silinda. Tuliiosha sifongo, tukaikausha, tukaipaka oili kidogo na kuirudisha. Kisha tukaona kwamba kebo ya choki hairudi mpaka mwisho. Alikuwa akitembea na choki iliyofunguka robo, labda kwa miezi. Baada ya hayo mawili tulipima tena: kilometa 43.

Ndipo tukashusha kabureta. Boya halikuwa limeingiwa na petroli ndani, na ncha ya valvu yake haikuwa na mchirizi, kwa hiyo bakuli halikuwa likijaa kupita kiasi. Jeti ya sindano tuliishika kuelekea jua. Tundu lilikuwa yai, bila ubishi, na sindano ilikuwa na mstari unaong'aa upande mmoja. Jeti kuu nayo ilikuwa na mikwaruzo ndani, na alikiri kwamba fundi mmoja alikuwa akiizibua kwa waya wa nyaya za umeme. Jeti huzibuliwa kwa petroli safi na upepo wa kompresa. Waya unaifanya kubwa, na jeti kubwa haiwezi kurudi kuwa ndogo.

Fundi tuliyekuwa naye alipendekeza njia ya mkato: kuhamisha klipu inayoishikilia sindano ngazi moja juu, ili sindano ikae chini zaidi na kubana petroli. Ni kipimo kizuri cha kuthibitisha ugonjwa, na kweli moshi ulipungua. Kama matibabu ina kasoro. Tundu lililosuguliwa limeharibika zaidi pale sindano inapokaa muda mrefu, kwa hiyo ukishusha sindano unapata kipimo kizuri mahali pamoja na kibaya mahali pengine. Akipanda kilima na abiria wawili pikipiki inakohoa kwa kukosa mafuta. Tuliirudisha klipu mahali pake na kununua sindano na jeti mpya.

Hapa pana mtego. Dukani kuna pakiti za vipuri vya kabureta za bei ya chini zinazodaiwa kuingia kwenye pikipiki yoyote. Tuliilaza sindano mpya kando ya ile ya zamani. Ya pakiti ya kwanza ilikuwa fupi kidogo na mchongoko wake ulianzia juu zaidi, maana yake ingemimina petroli mapema kuliko inavyopaswa. Tuliikataa. Ya duka la pili ililingana kwa urefu na mchongoko, na namba iliyochongwa juu ya jeti kuu ilikuwa ileile ya jeti iliyotoka na pikipiki kiwandani. Tuliifunga, tukaiacha injini ipate moto, tukarekebisha skrubu ya hewa mpaka muungurumo ukatulia. Kipimo cha siku mbili: kilometa 51 kwa lita.

Kutoka 38 hadi 51 kumempunguzia lita 0.8 kwa siku. Petroli ikiwa shilingi 5,000 za Uganda kwa lita, ni shilingi 4,000 kila jioni, na vipuri vyote vilijilipa kabla ya wiki mbili kuisha.

Zile kilometa 4 hazikurudi, na kabureta haihusiki nazo. Baada ya miaka saba ringi za pistoni zimelika, sehemu ya mlipuko inavuja kando yake, na dereva bila kujua anakunja mkono wa mafuta zaidi kidogo kupata mwendo uleule. Injekta isingemwokoa hapo, kwa sababu ingepima vizuri kabisa petroli ya mlipuko unaovuja.

Na injekta yenyewe huzeeka, kwa njia yake. Petroli ya chupa za barabarani yenye maji na takataka huziba vitundu vyake na kuua pampu. Betri ikichoka, pampu haisukumi inavyopaswa. Kipima joto kikiharibika na kusema injini ni baridi siku nzima, kompyuta inaongeza petroli siku nzima, sawasawa na ile choki ya jirani yangu, ila hii huwezi kuiona kwa macho. Pikipiki nyingi za injekta zina taa ya njano kwenye dashibodi yenye umbo la injini. Inapaswa kuwaka ukifungua ufunguo na kuzimika injini ikishawaka. Ukienda kununua iliyotumika, fungua ufunguo uiangalie kwanza. Kama haiwaki kabisa, mwulize muuzaji nani aliing'oa balbu.